Nani Amekula Dola 125?

Mwenye mita ya LUKU hahitaji mhasibu wa kumwambia kwamba ametumia umeme kupita kiasi. Uniti zikiisha, taa zinazimika. Seva za kukodi kwenye wingu hazina kawaida hiyo. Unatumia kwanza, unalipa baadaye, na matumizi yakipanda mara tatu hakuna kinachozimika. Tovuti inaendelea kufunguka, wateja wanaendelea kununua, na mambo yote yanaonekana shwari mpaka siku kadi ya benki inapokatwa.

Kwa hiyo ofisi inayojali fedha zake hutengeneza karatasi moja mwanzoni mwa kila mwezi. Karatasi hiyo inataja huduma zote zilizokodiwa, gharama ya mwezi uliopita, gharama ya mwezi ulioutangulia, na alama mbele ya kila huduma iliyopanda kwa namna isiyo ya kawaida. Ni kazi ya nusu saa. Ugumu wake hauko kwenye kujumlisha na kutoa, ambako kompyuta haishindwi. Uko kwenye kuamua kipi kinastahili alama, na kisha kufahamu alama hiyo inakuambia nini hasa.

Wingu lenyewe si angani. Ni majumba makubwa yaliyojaa kompyuta, mali ya kampuni kama Amazon, Microsoft na Google, ambazo hukukodisha mashine kwa saa, nafasi ya kuhifadhi kwa gigabaiti, na kupitisha data kwa gigabaiti vilevile. Kila kitu kina bei yake ndogo. Hakuna anayeogopa senti nne na nusu ya dola. Lakini senti nne na nusu zikitozwa mara elfu moja na mia tisa zinakuwa dola 85, na bili za wingu zimejaa hesabu za namna hiyo.

Tuchukue kampuni ya mfano, ndogo, ya Dar es Salaam, inayouza tiketi za mabasi ya mikoani kupitia simu. Imekodi kwa Amazon, katika majumba yaliyoko Virginia, Marekani, kwa sababu bei za huko ziko chini kuliko za Cape Town, ambako Amazon ilifungua kituo chake mwaka 2020. Ina seva tatu, hifadhidata moja, nafasi ya kuwekea picha na risiti, na vikorokoro vingine. Ni tarehe 3 Aprili 2025. Mhasibu anataka kulinganisha Machi na Februari.

Takwimu zinachotwa kwa amri moja. Fundi wa kampuni anaiandika hivi:

```
aws ce get-cost-and-usage \
  --time-period Start=2025-02-01,End=2025-04-01 \
  --granularity MONTHLY \
  --metrics UnblendedCost \
  --group-by Type=DIMENSION,Key=SERVICE
```

Itazame ile tarehe ya mwisho. Imeandikwa Aprili 1 ingawa tunataka mpaka Machi 31, kwa sababu Amazon haihesabu siku ya mwisho inayotajwa. Ukiandika Machi 31, siku hiyo inadondoka, na Machi yako inakuwa na siku 30 bila mtu kugundua. Kuna jambo jingine la kuchekesha kidogo: kila mara unapoituma amri hii unatozwa senti moja ya dola. Kuuliza bei nako kuna bei.

Majibu yakishapangwa yanaonekana hivi, kwa dola:

| Huduma | Februari | Machi |
|---|---|---|
| EC2-Instances (seva) | 83.87 | 92.85 |
| EC2-Other | 79.24 | 158.98 |
| Relational Database Service (hifadhidata) | 57.20 | 62.09 |
| S3 (hifadhi ya mafaili) | 23.00 | 24.25 |
| VPC (anwani za mtandao) | 6.72 | 7.44 |
| CloudWatch (kumbukumbu za mfumo) | 1.50 | 30.50 |
| Route 53 (majina ya tovuti) | 0.50 | 1.50 |
| Jumla | 252.03 | 377.61 |

Dola 125.58 zimeongezeka, karibu nusu ya bili ya Februari. Na kila mstari umepanda. Ukiweka alama kwenye kila kilichopanda utaweka alama saba kwenye mistari saba, na karatasi yako itakuwa haijasema lolote.

Tuanze na seva. Zimepanda kwa karibu asilimia 11, na mkurugenzi mwenye haraka angeanza kumtafuta aliyeongeza mashine. Hakuna aliyeongeza. Februari ilikuwa na siku 28, Machi ina 31. Seva hutozwa kwa saa, na siku tatu za ziada ni saa 72 za ziada kwa kila mashine. Gawanya 83.87 kwa 28, kisha 92.85 kwa 31: zote mbili zinatoa takribani dola 3 kwa siku. Hifadhidata na anwani za mtandao nazo zimepanda kwa sababu hiyohiyo. Ukijumlisha mistari hiyo mitatu, kalenda peke yake imekula dola 14.59, na hakuna kikao kinachoweza kuzirudisha.

Basi kanuni ya kwanza ni kulinganisha gharama ya siku moja na ya siku moja, badala ya mwezi na mwezi. Kanuni hii ina kasoro yake, kwa kuwa vitu vichache, kama nafasi ya diski, hutozwa kwa mwezi mzima bila kujali una siku ngapi. Ukivigawanya kwa siku vitaonekana kama vimeshuka Machi wakati havijasogea. Kasoro hiyo haizidi asilimia 11, kwa hiyo kizingiti kikiwekwa juu ya hapo haitatusumbua.

Kisha kuna Route 53, iliyotoka nusu dola ikafika dola moja na nusu. Kwa asilimia ndiyo miongoni mwa zilizoruka sana, mara tatu nzima. Kilichotokea ni kwamba mtu ameongeza majina mawili mapya ya majaribio, kila moja senti 50 kwa mwezi. Kumwita mtu ofisini kwa ajili ya dola moja ni kupoteza muda wenye thamani kuliko hiyo dola. Upande wa pili, ukitazama dola peke yake, seva zilizopanda karibu dola 9 zitakupigia kelele bure. Ndiyo maana alama hutolewa pale masharti mawili yanapotimia kwa pamoja: ongezeko lizidi asilimia fulani, na pia lizidi kiasi fulani cha fedha. Kwa kampuni inayolipa dola mia tatu hivi, asilimia 20 na dola 10 zinatosha. Anayelipa laki moja ataweka vizingiti vyake.

Kwenye jedwali la Excel, Februari ikiwa safu ya B na Machi safu ya C, kanuni hiyo inakaa kwenye mstari mmoja:

```
=IF(AND(C2-B2>10,C2/31>1.2*B2/28),"ANGALIA","")
```

Wengi huandika sehemu ya asilimia kwa kugawanya Machi kwa Februari. Inakwenda vizuri mpaka siku inapotokea huduma mpya ambayo mwezi uliopita ilikuwa sifuri. Hapo jedwali linatoa kosa la kugawanya kwa sifuri, mtu analificha kosa hilo ili karatasi ipendeze, na huduma mpya kabisa, ambayo ndiyo ilihitaji kuonekana kuliko zote, inapita kimya. Kuzidisha badala ya kugawanya kunaliondoa tatizo hilo.

Mistari miwili tu inapata alama: EC2-Other na CloudWatch. Hapa ndipo karatasi inapomaliza kazi yake, na ya mtu inapoanza.

CloudWatch ni rahisi. Ni mahali seva zinapoandika shajara yake: nani ameingia, malipo gani yamepita, kosa gani limetokea. Gigabaiti tano za kwanza kwa mwezi ni bure, zinazofuata ni senti 50 kila moja. Februari ziliandikwa gigabaiti 8, Machi zikawa 66. Fundi anakumbuka mara moja. Mwanzoni mwa Machi taarifa za malipo kutoka mitandao ya simu zilikuwa zinapotea, akaiambia seva ya mbele iandike kila kitu, hata pumzi zake, ili apate kuona tatizo liko wapi. Tatizo akalipata siku ya pili. Swichi akaisahau. Dola 29 zimekwenda hapo, na dawa yake ni kubadili neno moja kwenye faili la mipangilio, kutoka `DEBUG` kurudi `INFO`. Kitu kimoja cha kuangalia hapohapo ni muda wa kutunza shajara hizo, kwa sababu usipoweka kikomo Amazon huzitunza milele, na kuzitunza nako kunalipiwa.

EC2-Other ndiyo inayochosha watu. Jina lenyewe halielezi kitu. Ni kapu ambamo Amazon hutupia mambo yanayoizunguka seva lakini si seva: diski, nakala za diski, data inayopita huku na kule. Mhasibu anamuuliza fundi.

"Mwanangu, hii EC2-Other ni nini mpaka itule dola themanini za ziada?"

"Kwa kweli mama, hata mimi sijui. Hatujaongeza kitu kwenye seva."

Anasema kweli, na ndiyo shida yenyewe. Ili kulimwaga kapu hilo chini, ile amri ya mwanzo inarudiwa ikiwa na mabadiliko mawili. Mahali pa `SERVICE` panaandikwa `USAGE_TYPE`, na mahali pa `MONTHLY` panaandikwa `DAILY`. Sasa badala ya kuona kapu unaona kilichomo, tena siku kwa siku. Diski hazikusogea, ni dola 40 miezi yote miwili. Mstari unaoitwa `NatGateway-Hours` umepanda kwa kalenda tu, dola 3.24. Lakini `NatGateway-Bytes` umetoka dola 9 ukafika 85.50.

Kwa siku, mstari huo unasomeka kama ngazi. Machi 1, senti 32. Machi 2, senti 32. Machi 3, senti 32. Machi 4, dola 3.02. Kuanzia hapo ni dola 3.02 kila siku mpaka mwezi unaisha. Umbo hili lina maana yake. Wateja wakiongezeka, mchoro hupanda kama kilima, wenye kushuka na kupanda kwa siku za wiki na za sikukuu. Ukipanda mara moja kama kidato kisha ukatulia, hiyo ni mashine. Kuna kitu kiliwashwa Machi 4, na kinafanya kazi ileile kila siku bila kuchoka.

NAT Gateway ni mlango. Seva mbili za kampuni zimefichwa ndani ili wahalifu wasizifikie moja kwa moja kutoka mtandaoni, na zenyewe zikitaka kutoka nje lazima zipite kwenye mlango huo. Mlinzi wa mlango analipwa mara mbili: senti 4.5 kwa kila saa anayosimama, na senti 4.5 kwa kila gigabaiti inayopita mbele yake. Machi 4 fundi alipanga kazi njema kabisa. Kila usiku, nakala ya akiba ya data za tiketi na risiti, gigabaiti 60, ipelekwe kwenye hifadhi ya S3. Nakala mpya inafuta ya jana. Kuanzia Machi 4 hadi 31 ni usiku wa siku 28, yaani gigabaiti 1,680 zilizopita mlangoni.

Sasa rudi kwenye jedwali uitazame S3. Imepanda kwa dola 1.25 tu. Mzigo wote ulikuwa unapelekwa S3, lakini S3 haikuona kitu cha kutisha, kwa kuwa imetunza nakala moja tu kwa wakati mmoja, na kupokea mzigo haitozi kwa gigabaiti. Fedha zilitoka njiani. Alama iliwekwa palipolipwa ushuru, wakati mwenye mzigo yuko mstari mwingine kabisa ambao haukupata alama. Mtu anayesoma karatasi hii kama orodha ya watuhumiwa angekwenda kupunguza ukubwa wa diski au seva, angepata usumbufu, na Aprili dola zingeendelea kutoka.

Na inauma zaidi ukijua kwamba mzigo ule haukuhitaji mlango ule. Seva ziko Virginia, S3 yao iko Virginia, ndani ya ua mmoja. Amazon ina njia ya ndani inayoitwa `Gateway Endpoint`, inayounganisha seva zilizofichwa na S3 ya eneo hilohilo bila kupita kwenye NAT, na haitozi chochote. Inafunguliwa kwa dakika chache na kuongezwa kwenye jedwali la njia za mtandao. Haijifungui yenyewe, ndiyo maana ofisi nyingi hulipa ushuru wa mlango kwa miaka.

Fundi aliifungua njia hiyo Aprili 3 mchana. Kwa wakati huo nakala za Aprili 1, 2 na 3 zilikuwa zimeshapita mlangoni.

Hapo panaonekana udhaifu wa karatasi ya mwezi. Kidato kilipanda Machi 4, kimegunduliwa Aprili 3. Kwa dola 2.70 kwa usiku si msiba. Kwa kampuni kubwa, au kwa mtu aliyeibiwa nywila na wezi wakawasha seva nyingi za kuchimba sarafu za kidijitali, siku 30 ni maafa. Amazon ina chombo kiitwacho Cost Anomaly Detection, kinachofuatilia matumizi mwezi ukiwa bado unaendelea na kutuma barua pepe, nacho hakina malipo. Kinafaa kwa moto. Karatasi ya mwezi inafaa kwa kuvuja, kwa vile inamlazimisha mtu kutazama mistari yote kwa pamoja.

Kuna uvujaji ambao nayo haiuoni. Chukua huduma inayopanda asilimia 8 kila mwezi. Haifiki kizingiti cha 20 hata mara moja, na kila mwezi inapita bila alama. Baada ya miezi 12 imefika mara mbili na nusu ya ilipoanzia. Hifadhi za mafaili huwa na tabia hii, kwani watu huweka na hawafuti. Mimi huongeza safu ya tatu ya mwezi kama huu mwaka jana, hata kama inaifanya karatasi iwe pana kidogo.

Kampuni changa zina mtego mwingine. Nyingi huanza kwa kupewa na Amazon salio la bure, na salio hilo huingia kwenye takwimu kama gharama hasi. Usipolitenga, karatasi yako itaonyesha gharama ndogo au sifuri kwa miezi kadhaa, huku matumizi halisi yakikua chini ya zulia. Siku salio linapokwisha, kila huduma inaruka siku moja na kila mstari unapata alama. Kwenye amri, salio, marejesho na kodi hutengwa kwa kuongeza hivi:

```
--filter '{"Not":{"Dimensions":{"Key":"RECORD_TYPE",
  "Values":["Credit","Refund","Tax"]}}}'
```

Na ulinganishe kwa dola kwanza, kisha ndipo ubadili kuwa shilingi. Kenya ilitoa somo zuri mwaka 2024. Januari dola moja ilikuwa imevuka shilingi 160, na kufikia Aprili ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Bili ya dola 1,000 isiyobadilika hata senti ilionekana kwenye vitabu vya Nairobi kama imepungua kwa takribani shilingi 30,000, na ofisi iliyokuwa inapanda kwa asilimia 20 ya dola ingejiona inabana matumizi.

Mistari inayoshuka nayo ina habari zake, ingawa hakuna anayeiwekea alama kwa kuwa kila mtu anaifurahia. Mstari wa nakala za akiba ukishuka ghafla, yawezekana kazi ya usiku imekufa, na utaujua ukweli siku diski itakapoharibika. Ningeitaka alama ya kushuka ikae palepale, kwa kizingiti kilekile.

Mei ilipoingia, mhasibu alichapisha karatasi ya Aprili. CloudWatch ilikuwa imerudi chini. EC2-Other ilikuwa dola 90.10. Hapakuwa na alama ya kupanda, lakini alikuwa amepiga hesabu yake pembeni kwa penseli: diski 40, mlango kwa siku 30 ni 32.40, mzigo wa kawaida 9.60. Jumla 82.00.

"Mwanangu, hizi dola nane na senti kumi ni za nini?"

Fundi aligawanya 8.10 kwa 2.70, akapata tatu. Aprili 1, Aprili 2, Aprili 3.